Kupima Mwachano wa Afrika na Amerika Kusini kwa Mistari ya Sumaku

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuhakikisha mwenyewe kwamba Afrika na Amerika Kusini ziliwahi kuwa nchi kavu moja, na namna ya kukadiria zinaachana kwa kasi gani. Utahitaji globu, karatasi angavu ya kunakilia, rula, uzi na kikokotoo. Ushahidi wenyewe haulingani uzito. Pwani zinaamsha swali, visukuku vinalikaza, lakini mistari ya sumaku iliyo chini ya bahari ndiyo iliyokata shauri, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Linganisha kingo za mabara, si fukwe

Tumia globu, kwa kuwa ramani bapa huvuta maumbo. Nakili pwani ya magharibi ya Afrika kutoka Senegali hadi Rasi ya Tumaini Jema, kisha isogeze karatasi hadi Brazili. Bega la Brazili litaingia kwenye Ghuba ya Guinea, ila utaona nyufa hapa na pale. Hilo lisikukatishe tamaa. Ufuo ni pale maji yalipoishia tu leo. Bara lenyewe linaendelea chini ya maji hadi kwenye mteremko mkali wa kuingia kilindini. Mwaka 1965 Edward Bullard na wenzake wa Cambridge walizipatanisha kingo hizo kwa kompyuta, wakitumia kina cha takriban mita 900, na pengo la wastani kati ya Afrika na Amerika Kusini likawa pungufu ya kilomita 100. Mahali pamoja pa kingo kupandana ni delta ya mto Niger, na sababu iko wazi: delta hiyo ni udongo ulioletwa na mto baada ya mabara kuachana. Ukinakili, ikate.

Hatua ya 2: Tafuta kiumbe asiyeweza kuvuka

Mjerumani Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 hoja yake kwamba mabara yaliachana, wapinzani wake walisema kufanana kwa pwani ni bahati tu. Ndiyo maana visukuku vina kazi. Chagua mnyama mmoja na umwulize maswali mawili: angeweza kuvuka bahari kuu? Na aliishi kabla au baada ya mwachano?

Mesosaurus anafaa. Alikuwa mtambaazi mdogo wa majini, mwenye urefu usiozidi sana mita moja, aliyeishi miaka takriban milioni 280 iliyopita katika maji ya chumvi yaliyozungukwa na nchi kavu. Mifupa yake hupatikana Brazili, Uruguay na Paraguay, na ng'ambo ya pili Namibia na Afrika Kusini, katika miamba ya umri mmoja. Mnyama wa kiasi hicho hakuogelea maelfu ya kilomita.

Hata hivyo, kisukuku peke yake hakimalizi ubishi. Wapinzani walidai kulikuwa na daraja la nchi kavu lililozama baadaye. Ili kulikataa daraja hilo ilibidi kuitazama sakafu ya bahari yenyewe.

Hatua ya 3: Elewa mstari unavyoandikwa

Katikati ya Atlantiki kuna safu ndefu ya milima iliyozama, na kileleni mwake mwamba ulioyeyuka hupanda na kuganda. Ndani yake mna chembe za magnetiti. Zikipoa chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, huelekea upande uliko uga wa sumaku wa dunia na kubaki hivyo. Uga huo hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini. Badiliko kubwa la mwisho lilitokea miaka 780,000 hivi iliyopita.

Kwa hiyo mwamba mpya ukigawanyika na kusukumwa pande zote mbili, sakafu inapaswa kuwa na mistari inayopishana, ya mwelekeo wa leo na wa kinyume, inayolingana kushoto na kulia. Fred Vine na Drummond Matthews waliliandika wazo hili mwaka 1963 kutokana na vipimo vya safu ya Carlsberg, iliyo katika Bahari ya Hindi kati ya Somalia na India. Mkanada Lawrence Morley alilifikia peke yake.

Kalenda ya mageuko ilitoka nchi kavu, kwenye lava zilizopimwa umri. Kipindi kimojawapo, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, kinaitwa Olduvai kwa sababu kilitambuliwa katika lava ya bonde hilo la Tanzania. Wanasayansi duniani kote husoma sakafu za bahari zote kwa jina hilo.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Meli hukokota kipima sumaku nyuma yake ikikata safu kwa pembe mraba. Tuseme kwenye Atlantiki ya Kusini umekuta mpaka wa miaka 780,000 ukiwa kilomita 14 kutoka kileleni. Gawanya 14 kwa 0.78: unapata kilomita 18 kwa kila miaka milioni, yaani sentimita 1.8 kwa mwaka, upande mmoja. Pande mbili ni sentimita 3.6.

Usiishie hapo, maana mpaka mmoja unaweza kupewa kasi yoyote. Tabiri mstari wa Olduvai kabla ya kuutazama: zidisha 1.77 na 1.95 kwa 18. Unapaswa kuwa kati ya kilomita 32 na 35. Kisha kunja karatasi ya mchoro kileleni na uishike mbele ya mwanga. Vilele vya upande mmoja viangukie vya upande wa pili.

Visipoangukiana, angalia mambo matatu. Huenda meli ilivuka mpasuko unaoikata safu na kuisogeza kando, hivyo mistari imeruka. Huenda uko karibu na ikweta ya sumaku, ambako safu inayokwenda kaskazini-kusini hutoa ishara dhaifu mno. Au mstari ni mwembamba kuliko kina cha bahari, na ishara yake imefifia kabla ya kufika juu. Mstari wa Olduvai katika mfano wetu, wenye upana wa kilomita tatu, una hatari hiyo hasa.

Kuna pia sakafu isiyo na mistari kabisa. Kati ya miaka milioni 121 na 83 hivi iliyopita uga haukugeuka, kwa hiyo eneo pana la Atlantiki halina alama ya kuhesabu.

Hatua ya 5: Hakiki kwa njia isiyotegemea sumaku

Kati ya Desemba 1968 na Januari 1969 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya Kusini. Mashapo yaliyolala moja kwa moja juu ya mwamba yalipimwa umri kwa visukuku vidogo sana, na umri uliongezeka kadiri meli ilivyokwenda mbali na kilele. Kasi ilitoka sentimita 2 hivi kwa mwaka kila upande.

Itumie kasi hiyo. Nyosha uzi kwenye globu katika latitudo 30 kusini, kutoka ufuo hadi ufuo: utapata karibu kilomita 6,400. Zigawe kwa kilomita 40 kwa kila miaka milioni, jibu ni miaka milioni 160. Sasa rudi kwenye Hatua ya 1 na upunguze vipande vya bara vilivyo chini ya maji, tuseme kilomita 400 kwa pande zote mbili. Inabaki milioni 150.

Lava kubwa zilizomwagika ardhi ilipokuwa ikipasuka, za Paraná huko Brazili na Etendeka huko Namibia, zina umri wa miaka milioni 134 hivi. Tofauti ya milioni 16 inatokana na kuchukulia kwamba kasi ilikuwa moja siku zote, na kwamba njia ya mabara ilifuata mstari wa latitudo. Ukitaka kuipunguza, pima kipande kwa kipande kati ya mistari yenye umri unaojulikana, ukifuata mipasuko inayoikata safu, kwa sababu mipasuko hiyo ndiyo inayoonyesha mabara yalipitia wapi.