Kutoka «soma» hadi herufi tisa

Swali: Katika Boggle huambulia maneno mafupi tu. Marefu hupatikanaje?

Jibu: Mchezaji wa Kiswahili aanze na viishio vya mnyambuliko. Kabla ya kusaka neno, atazame S na H zimegusana wapi, kisha kama pembeni yake kuna A, W au N. Mfano ni ubao huu:

S O K U
E M T I
S H A N
L I W A

«Soma» inaonekana mapema: S ya juu, O, M, kisha A kwa mshazari. Wengi huandika na kuhama, na hapo ndipo pointi hupotea. Arudi kwenye M, aende E, S, H, A: «somesha», pointi 5. Kutoka H akipitia W hadi A, ni «someshwa», pointi 11. Akitoka A ya kati kwenda N na A ya pembeni, apata «someshana», herufi tisa.

«Somea» haikubaliki, kwani E na A hazigusani. «Mama» nayo inadai M mbili; ubao una moja.

Dakika ni 3 tu, kwa hiyo kila kitenzi kinyambuliwe kabla ya kutafuta kingine.