SOMO: KABLA YA KULIPIA FRIJI ILIYOTUMIKA

Vikundi vingi vinavyouza maziwa, mala au soda sokoni hufika wakati wanachama wakaamua kununua friji. Mpya ni ghali, kwa hivyo wanatafuta iliyotumika. Katika somo hili tutaona jinsi ya kuipima kabla pesa hazijatoka kwa mweka hazina. Tumeni watu wawili, na mmoja wao awe na saa. Tengeni siku nzima, kwa sababu friji haiwezi kujulikana kwa dakika kumi.

Kabla hamjaenda, mwambieni mwenye kuuza aizime friji tangu jana yake usiku na auache mlango wazi. Mkiikuta tayari ina baridi, hamtajua ilichukua saa ngapi kufika hapo. Mkifika, gusa kwanza ile kompresa nyeusi ya mviringo iliyo chini kwa nyuma, ambayo wengine huiita mota. Ikiwa ina joto, friji ilikuwa ikifanya kazi. Rudini siku nyingine.

1. Nyaya kwanza

Msiiwashe bado. Plagi ikiwa haijachomekwa, fuateni waya wote kwa mkono. Mkikuta mahali palipounganishwa na kufungwa kwa selotepu, au palipoguguniwa na panya, waya huo ni wa kubadilishwa.

Fungueni plagi kwa bisibisi. Ndani panatakiwa nyaya tatu: wa kahawia ndio wenye moto, wa buluu ndio wa kurudisha, na wa kijani wenye mstari wa manjano ndio wa ardhi. Kwa friji za zamani sana rangi ni nyekundu, nyeusi na kijani. Tazameni pia fyuzi. Ukikuta mtu ameweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, jua kuna shida iliyofichwa.

Waya wa ardhi ndio unaookoa maisha. Friji ni chuma, na mara nyingi mwenye kuifungua ana mikono iliyolowa. Stima ikivuja ndani, waya huu huipeleka chini na fyuzi hukatika. Ukiwa umekatwa, stima hubaki kwenye mwili wa friji ikimngoja mtu. Msijaribu kwa mkono. Fundi wa stima mwenye mita atapima friji ikiwa imechomolewa. Kati ya mguu mrefu wa plagi na chuma cha friji, mita inatakiwa ionyeshe njia. Kati ya mguu wenye moto na chuma hicho, isionyeshe njia hata kidogo. Tena aangalie kama soketi ya hapo mtakapoiweka ina waya wa ardhi unaofika kweli ardhini.

2. Kibandiko cha nyuma

Karibu na kompresa au ndani ya mlango kuna kibandiko. Tafuteni 220-240V na 50Hz, ambayo ndiyo stima ya hapa Kenya. Ikiandikwa 100V au 110V, ilitengenezewa nchi nyingine, na mkiichomeka hivyo hivyo itaungua. Mkiona gesi imeandikwa R12, iacheni. Utengenezaji wa gesi hiyo ulikomeshwa mwaka wa 2010 kwa sababu inaharibu anga, na ikiisha hamtaipata kwa urahisi.

3. Sikilizeni kompresa

Sasa iwasheni. Kompresa nzima hulia "tik" mara moja, kisha inaanza kunguruma taratibu kwa sauti ya chini isiyobadilika. Kompresa mbaya hunguruma sekunde chache kwa nguvu, inalia "tik" na kunyamaza, halafu baada ya dakika chache inarudia tena na tena. Hiyo inashindwa kuanza. Huenda ni kifaa kidogo cha kuwashia tu, lakini huenda kompresa yenyewe imekwama, na bei yake yaweza kukaribia ya friji nzima. Kugongagonga kama chuma kwa chuma pia si dalili njema.

Ila muwe waangalifu: mkiizima, ngojeni dakika tano kabla ya kuiwasha tena. Ukiiwasha mara moja, hata kompresa nzuri hushindwa kuanza kwa sababu gesi bado ina nguvu upande mmoja.

Baada ya dakika ishirini hivi, gusa mabomba ya nyuma. Yanatakiwa yawe na joto kiasi. Kwa friji nyingine mabomba yamefichwa na joto huonekana ubavuni. Kompresa ikiwa moto sana na mabomba baridi, huenda gesi imetoka. Sehemu ya barafu nayo ipate ukungu mweupe kila mahali. Ukiona ukungu kwenye kona moja tu, gesi ni kidogo.

4. Inakula stima kiasi gani?

Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo nyekundu, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, taa ikiwaka mara 1000, yuniti moja imekwisha. Zimeni kila kitu nyumbani isipokuwa friji, kisha hesabuni taa inavyowaka kwa dakika sita. Zidisheni kwa kumi mpate wati. Ikiwaka mara 15, ni wati 150. Mita ikiwa na namba tofauti na 1000, hesabu hii itabadilika.

Lakini wati peke yake hazitoshi. Friji ikishapoa, kompresa inatakiwa izime na kupumzika, kisha iwake tena. Basi baada ya saa nne au tano, angalieni kwa saa moja ni dakika ngapi inafanya kazi.

Tuchukue mfano. Kikundi kinaangalia friji mbili, na zote mbili ni wati 150. Ya kwanza inauzwa shilingi 12,000, lakini kwa saa moja inafanya kazi dakika 55. Ya pili ni shilingi 16,000, na inafanya kazi dakika 30.

Ya kwanza itakula karibu yuniti 99 kwa mwezi, ya pili yuniti 54. Tofauti ni yuniti 45. Kujua bei yenu, chukueni risiti ya tokeni mgawanye pesa mlizolipa kwa yuniti mlizopata. Tuseme ni shilingi 30. Hiyo ya bei rahisi itawatoza shilingi 1,350 zaidi kila mwezi, na ile 4,000 mliyoponea itakuwa imekwisha kwa miezi mitatu.

Kabla ya kuikataa, angalieni mpira wa mlango. Fungeni karatasi mlangoni kisha muivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatoroka hapo, na huenda mpira mpya ndio dawa. Ombeni bei ishuke kwa gharama ya mpira. Mpira ukiwa mzuri na bado kompresa haipumziki, ni gesi au kompresa imechoka. Iacheni.

Mkikubaliana, isafirisheni ikiwa imesimama. Ikilazwa njiani, isimame usiku kucha kabla ya kuwashwa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Yuniti moja ya stima inatugharimu shilingi ngapi mwezi huu?
2. Soketi tutakayotumia ina waya wa ardhi? Nani ataihakikisha?
3. Faida ya maziwa au soda kwa mwezi italipa stima ya friji tunayoitaka?
4. Mwenye kuuza akikataa friji iwashwe kwa saa tano, tutafanya nini?