Kaulizia nauli, kasimuliwa historia ya reli

*Naendesha gesti ndogo hapa Mpanda mjini, karibu na stesheni, na nina tovuti ya kuwaelekeza wageni. Mwaka jana niliandika makala ya maneno 1,800 yenye kichwa "Nauli ya treni Tabora hadi Mpanda: yote unayopaswa kujua". Niliwahoji wazee waliofanya kazi reli, nikaweka na picha. Mwanzoni Google iliileta ukurasa wa kwanza, sasa imeshuka hadi wa tatu. Wanaoingia wanatoka haraka, na hakuna aliyepiga simu kuulizia chumba. Juu yangu kuna ukurasa mfupi tu, wenye jedwali na maneno machache. Je, niongeze maneno?*

*Msomaji, Mpanda*

Usiongeze hata neno moja. Makala uliyoniambatishia nimeisoma yote na nimeipenda, hasa pale unapoeleza jinsi tawi la kutoka Kaliua lilivyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Lakini nauli yenyewe nimeikuta aya ya tisa, katikati ya sentensi, bila kutajwa ni ya daraja gani wala ni ya lini. Hapo ndipo ilipo shida yako.

Mfikirie mtu anayeandika kwenye simu "nauli ya treni Tabora Mpanda". Huenda yuko Tabora, bando linakwisha, na kesho anataka kusafiri. Anataka mambo matatu: shilingi ngapi kwa kila daraja, treni inaondoka siku gani, na saa ngapi. Ni sawa na abiria aliyesimama kwenye dirisha la tiketi. Karani akianza kumsimulia mgodi, ataondoka hata kama simulizi ni la kweli na ni tamu. Mtandaoni kuondoka ni rahisi zaidi: anarudi nyuma kwenye orodha ya Google na kubofya jibu linalofuata.

Wanaoshughulikia utafutaji wa mtandaoni huliita hitaji hilo nia ya mtafutaji. Mwaka 2002 Andrei Broder, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mtambo wa kutafuta wa AltaVista kabla ya kwenda IBM, alizigawa nia hizo mafungu matatu. Kuna anayetaka kujua jambo. Kuna anayetaka kufika mahali fulani anapopajua tayari, kwa mfano anayeandika "Shirika la Reli Tanzania" ili afungue tovuti yao. Na kuna anayetaka kutenda: kununua, kukata tiketi, kupakua fomu. Waandishi wa baadaye wakaongeza la nne, la mtu anayelinganisha kabla ya kuamua, kama anayeuliza "basi au treni Tabora Mpanda". Mgawanyo huu unasaidia, ila usiuchukulie kama uzio. Maneno yaleyale yanaweza kubeba nia mbili, na hata ndani ya fungu la kutaka kujua kuna tofauti kubwa kati ya anayetaka tarakimu moja na anayetaka kusoma nusu saa.

Wewe uliipata mada, ukakosa umbo. Mada yako na ya mtafutaji ni moja, treni ya Mpanda. Umbo alilolihitaji yeye ni jedwali, wewe ukampa simulizi. Na kichwa chako kilimwahidi nauli, kwa hiyo aliingia akiwa na haki ya kuikuta juu kabisa.

Kwa nini basi mwanzoni ulikuwa ukurasa wa kwanza? Kwa maswali mengi ya Kiswahili kuhusu mkoa wa Katavi, kurasa zilizopo ni chache. Asipokuwepo mwenye jibu lenye umbo sahihi, Google huleta lililopo. Wewe ulikuwa lililopo. Alipotokea mwenye jedwali, nafasi ilikwenda kwake. Kushuka kwa namna hiyo, taratibu, baada ya mshindani kuchapisha, ndiyo dalili ya kukosa umbo ninayoiamini zaidi. Tovuti ikiwa na hitilafu ya kiufundi, mara nyingi kurasa nyingi huanguka kwa pamoja.

Unaweza kujithibitishia mwenyewe jioni moja. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, andika maneno yaleyale, kisha usome majibu ya ukurasa wa kwanza bila kutazama ubora wake. Tazama umbo tu. Ni jedwali, orodha, video, ramani au habari? Yana tarehe ya karibuni? Jibu linakuja mstari wa ngapi? Majibu mengi yakifanana umbo, watafutaji wamekwisha kupiga kura. Kisha fungua Search Console, ingia "Performance", chagua ukurasa wako na usome "Queries". Nina hakika utakuta makundi mawili: maneno ya nauli na ratiba, ambayo yanakuonyesha sana na kubofywa kidogo, na maneno machache ya historia ya reli au ya mgodi. Hao wa kundi la pili ndio wasomaji wa kile ulichokiandika.

Kwa hiyo yatenganishe. Ukurasa wa sasa uache na anwani yake ileile, kwa sababu Google inaijua tayari, lakini maandishi yake yabadilishe. Sentensi ya kwanza iwe ya namna hii: "Treni ya Tabora kwenda Mpanda inaondoka siku za …, saa …, nauli ya mtu mzima daraja la tatu ni Sh …" Chini yake weka jedwali lenye daraja la tatu, la pili kukaa na la pili kulala, na nauli ya mtoto. Kisha eleza kwa ufupi tiketi zinakatwa wapi na mzigo unahesabiwaje. Historia ihamishie ukurasa mpya wenye kichwa chake, "Jinsi reli ilivyofika Mpanda", na huko irefushe upendavyo. Msomaji wa aina hiyo ana muda. Ziunganishe kurasa hizo mbili kwa kiungo kimoja.

Kuna maswali ambayo hata ukiandika vizuri namna gani huyapati. Anayeandika "kata tiketi ya treni" anataka kulipa, na wewe huuzi tiketi. Mwelekeze kwa Shirika la Reli Tanzania. Na anayeandika "gesti Mpanda mjini" huonyeshwa ramani yenye majina, simu na picha za vyumba. Makala haishindi pale. Hapo unahitaji kuisajili gesti yako kwenye Google Business Profile, ikiwa na namba inayopokelewa na mahali sahihi kwenye ramani. Simu ulizozitarajia kwenye makala ya nauli zina uwezekano mkubwa wa kutokea huko, na ningeanza na hilo wiki hii.

Jedwali nalo lina gharama yake. Simulizi la mwaka 1950 halichachi, lakini nauli hubadilika, na mvua ikiharibu tuta la reli safari husimama. Abiria akifika stesheni kwa sababu ya tarehe uliyoiacha ikiwa imepitwa, umemtia hasara ya kweli. Andika juu ya jedwali siku uliyothibitisha, na uithibitishe kwa mkuu wa stesheni, si kwa kunakili kwa mwenzako. Wewe uko karibu na stesheni. Huyo mwenye jedwali huenda yuko mbali. Siku treni isipokuja, andika hivyo asubuhi hiyohiyo, mstari wa kwanza.