Mkanda au Cheni: Kukadiria Gharama Inayokuja Kabla ya Kununua Gari Lililotumika

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Ipyana au kwingineko Kyela anayetafuta gari la mkononi la kubebea abiria, mpunga au kakao, na ambaye akishalipa hatabaki na fedha nyingi. Wanunuzi wengi hukagua rangi, tairi na bodi. Wachache huuliza kama injini ina mkanda wa taimingi au cheni ya taimingi, ingawa jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha ni gharama gani kubwa inayofuata na itakuja lini.

Krenkshafti huzungushwa na pistoni, na kamshafti hufungua na kufunga valvu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inapaswa kuzunguka mara moja tu, bila kupishana hata kidogo. Kinachoziunganisha ni mkanda wa mpira wenye meno au cheni ya chuma. Mkanda hukaa pakavu nyuma ya kava, kwa kawaida la plastiki, na una ukomo uliowekwa na mtengenezaji: kwa injini nyingi za zamani za Toyota ni kilomita 100,000. Cheni hukaa ndani ya injini, ikilowa oili, na haikuwekewa kilomita za kubadilishwa. Hapo ndipo maneno ya wauzaji kwamba "hii ni cheni, haina gharama" yanapoanzia. Si kweli. Mkanda ni deni lenye tarehe. Cheni ni deni ambalo tarehe yake hupangwa na oili aliyoitumia mwenye gari aliyetangulia.

Usiamue kwa jina la gari. Toyota Noah ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ile ya SR40 na SR50 ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, mara nyingi ina injini ya petroli ya 3S-FE yenye mkanda. Noah iliyoifuata kuanzia 2001, ya AZR60, ina 1AZ-FSE yenye cheni. RAV4 nazo ziko hivyo: ya kwanza ina 3S-FE, ya pili ina 1AZ. Ndogo kama IST, Vitz na Probox zenye injini za 1NZ-FE au 2NZ-FE ni za cheni. Hiace za dizeli za 3L na 5L ni za mkanda, pamoja na Land Cruiser ya 1HZ. Soma jina la injini kwenye kibati cha utambulisho cha gari, kisha mwombe fundi alilinganishe na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, kwa sababu injini za kubadilishwa ni nyingi na kibati hakibadiliki nazo.

Sasa tuchukue Noah ya SR50 yenye 3S-FE inayosoma kilomita 187,000. Mkanda wake ulipaswa kubadilishwa kwenye 100,000. Muuzaji anasema ulibadilishwa, lakini hana risiti, wala hakuna kibandiko kwenye kava chenye tarehe na kilomita. Hesabu kwamba haujabadilishwa. Hata kama anasema kweli, kwenye 200,000 zamu inarudi, na hizo ni kilomita 13,000 tu mbele. Gari linalokwenda Tukuyu na kurudi kila siku litazimaliza katika miezi michache. Tena mpira huzeeka kwa miaka na joto hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo odometa inayosoma kilomita chache kwenye gari la zaidi ya miaka 20 isikutulize, sembuse iliyorudishwa nyuma.

Mwombe fundi afungue kava la juu la mkanda. Si kazi kubwa. Nyufa, meno yaliyolika na nyuzi zilizochomoza pembeni ni dalili za wazi, lakini mkanda unaong'aa vizuri unaweza pia kuwa umechoka, hivyo macho peke yake hayatoshi. Oili kwenye mkanda ni mbaya zaidi: sili ya krenkshafti au ya kamshafti imekufa, na oili hiyo huula mpira. Kwa magari yaliyopita kwenye mafuriko ya bonde letu, tazama pia kama kava limepasuka na kuna tope ndani.

Unapopiga hesabu, usipige ya mkanda peke yake. Kwenye 3S-FE mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji na pampu ya oili. Pampu ya maji ikikwama, mkanda hukatika. Kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua, badilisha kwa pamoja mkanda, puli ya kukazia na ya kupitishia, sili na pampu ya maji. Tuseme, kwa mfano tu, fundi wako anakadiria shilingi 400,000 kwa spea na ufundi, na muuzaji anataka milioni 8. Bei ya gari hilo kwako ni milioni 8.4, na hizo 400,000 ndizo za kujadiliana.

Mkanda ukikatika, madhara hutegemea injini. Kwenye 3S-FE valvu hazigusani na pistoni: gari huzima, unaweka mkanda mpya na kuendelea. Kwenye dizeli za 3L, 5L na 1HZ pistoni hugonga valvu, na hapo hulipii mkanda tena, unalipia silinda hedi, pengine injini nzima. Lakini hata ile isiyogongana ina hatari yake. Kutoka Tukuyu hadi uwanda wa Kyela barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Injini ikizima kwenye mteremko huo, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani wa pawa huwa mzito.

Toyota nyingi za dizeli zina taa ya `T-BELT` kwenye dashibodi, inayowaka kilomita 100,000 zikitimia. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, inapaswa kuwaka pamoja na taa nyingine, kisha injini ikiwaka izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa. Kuzima kwake pia si ushahidi wa mkanda mpya, maana fundi anaweza kuirudisha mwanzo bila kugusa mkanda.

Kwa gari la cheni, fika asubuhi bila kumpa muuzaji nafasi ya kuliwasha mapema. Kikazio cha cheni kwenye injini nyingi hizi hutegemea presha ya oili, na injini iliyolala usiku kucha ndiyo husema ukweli. Mlio mkavu wa chuma upande wa cheni wa sekunde moja au mbili ni wa kuangaliwa. Ukiendelea, cheni imevutika au kikazio na reli zimechoka. Fungua kifuniko cha oili: utando mweusi mzito chini yake unaonyesha oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Uliza kikadi cha oili. Taa ya injini ikiwaka, ipimwe kwa mashine. Kodi `P0016` ina maana krenkshafti na kamshafti hazilingani, na cheni iliyovutika ni mojawapo ya sababu zake.

Kubadilisha cheni ni kazi nzito kuliko mkanda, kwa kuwa kava lake la chuma limegandishwa kwa silikoni na mara nyingi sampu ya oili nayo hushushwa. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo asikimbie gari la mkanda. Kati ya Noah ya mkanda isiyo na risiti lakini injini yake safi, na Noah ya cheni inayolia asubuhi, nunua ya mkanda, punguziwa bei, na ulipeleke gereji kabla halijabeba abiria wa kwanza.