Mada: Seli Nyekundu za Damu na Namna Zinavyopata Nishati Bila Mitokondria

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza kwa nini seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini wala mitokondria;
(b) kueleza hatua kuu za glikolisisi na hesabu ya ATP inayopatikana;
(c) kueleza seli hizi zinatumia nishati hiyo kwa kazi gani;
(d) kutumia maarifa haya kujibu swali kuhusu sampuli ya damu iliyocheleweshwa maabara.

1. Seli nyekundu inavyopoteza kiini chake

Seli nyekundu haizaliwi bila kiini. Katika uboho wa mifupa huanza ikiwa seli kamili, yenye kiini, mitokondria na ribosomu. Katika hatua hiyo kiini kina kazi kubwa, kwa sababu ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza hemoglobini. Seli inapokaribia kukomaa, kiini hujikunja, kikawa kidogo, kisha kikasukumwa nje. Seli walaji zilizo jirani hapo ubohoni hukimeza na kukimeng'enya. Seli changa inayobaki huingia katika mzunguko wa damu ikiwa bado na mabaki ya ribosomu na mitokondria, na baada ya siku moja au mbili mabaki hayo nayo huondolewa. Kinachobaki ni kisahani chenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, kilichobonyea pande zote mbili na kujaa hemoglobini.

Seli inapata faida tatu kwa kupoteza sehemu hizo:

Kwanza, nafasi. Sehemu iliyokuwa ya kiini na mitokondria hujazwa hemoglobini. Seli moja hubeba takriban molekuli milioni 270 za hemoglobini, na kila molekuli hushika molekuli 4 za oksijeni.

Pili, wepesi wa kujikunja. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko kipenyo cha seli yenyewe, na matundu ya wengu ni membamba zaidi. Kiini ni kitu kigumu ambacho kingekwama. Seli isiyo nacho hujikunja, hupita, kisha hurudia umbo lake.

Tatu, mzigo kufika salama. Mitokondria hutumia oksijeni. Kama seli nyekundu ingekuwa nazo, ingetumia njiani sehemu ya oksijeni iliyotumwa kuipeleka kwenye tishu.

Zingatia: Usiandike kwamba seli isiyokuwa na kiini ndiyo pekee inayoweza kubeba oksijeni. Seli nyekundu za kuku, chura na samaki zina kiini na zinabeba oksijeni. Kukosa kiini ni sifa ya seli nyekundu za mamalia. Ni marekebisho yanayoongeza ufanisi, lakini si sharti la kazi hiyo.

Hasara nayo ipo. Bila kiini na ribosomu, seli haiwezi kugawanyika wala kutengeneza protini mpya. Kimeng'enya kikichakaa hakibadilishwi. Ndiyo maana seli nyekundu huishi takriban siku 120 tu, kisha huondolewa katika wengu na ini. Uboho wa mtu mzima hulazimika kutengeneza seli mpya takriban milioni 2 kila sekunde ili kuziba pengo hilo.

2. Glikolisisi: njia pekee ya kupata ATP

Katika seli nyingine za mwili, glukosi huvunjwa kwanza katika saitoplazimu, kisha kazi inamaliziwa ndani ya mitokondria kwa kutumia oksijeni. Seli nyekundu ina hatua ile ya kwanza tu, yaani glikolisisi.

Glukosi huingia kutoka kwenye plazima kwa kupitia protini pitishi za utando, na uingiaji huu hauhitaji insulini. Ikiwa ndani, hupitia hatua 10, kila moja ikiwa na kimeng'enya chake. Kwa mtihani, zigawe katika sehemu tatu:

Sehemu ya matumizi: ATP 2 hutumika kuiandaa glukosi ivunjwe.
Sehemu ya mapato: molekuli yenye kaboni 6 hugawanyika kuwa mbili za kaboni 3, na mwishoni hupatikana piruvati 2. Hapa hutengenezwa ATP 4, na hidrojeni iliyoondolewa huchukuliwa na NAD, ambayo hugeuka NADH.
Sehemu ya kurejesha: piruvati hupokea hidrojeni kutoka kwa NADH na kuwa asidi ya laktiki. NAD inakuwa huru tena.

Faida halisi: ATP 4 − ATP 2 = ATP 2 kwa kila molekuli ya glukosi.

Muhtasari:

C6H12O6 → 2C3H6O3 + nishati (ATP 2)

Watahiniwa wengi huiacha sehemu ya tatu wakidhani haina maana kwa kuwa haitoi ATP. Fikiria NAD kama mkokoteni unaobeba hidrojeni. Mikokoteni iliyomo ndani ya seli ni michache. Ikijaa yote bila kushusha mzigo, glikolisisi husimama. Katika seli zenye mitokondria mzigo hushushwa huko. Seli nyekundu haina mahali hapo, hivyo huushushia kwenye piruvati, na asidi ya laktiki hutokea.

Asidi hiyo haikai ndani ya seli. Hutoka kwenda kwenye plazima, na ini huichukua na kuigeuza tena kuwa glukosi.

Zingatia: Kosa linalorudiwa sana ni kuandika kwamba seli nyekundu hufanya upumuaji usiotumia oksijeni kwa sababu imekosa oksijeni. Msuli wa mkimbiaji ndio hufanya hivyo oksijeni inapopungua. Seli nyekundu imejaa oksijeni, ila haina mitokondria za kuitumia. Andika sababu hiyo.

Vitabu vingi vya sekondari hutaja ATP 38 kwa upumuaji unaotumia oksijeni. Hesabu za karibuni hutoa takriban 30 hadi 32. Vyovyote vile, ATP 2 ni kidogo. Inatosha kwa sababu seli nyekundu haigawanyiki, haitengenezi protini na haijikunji kwa misuli. Kubeba oksijeni kwenyewe hakuhitaji ATP: oksijeni huingia na kutoka kwa msambao.

3. ATP hiyo inafanya kazi gani?

Kazi kubwa ni kuendesha pampu ya sodiamu na potasiamu katika utando. Kwa kila ATP moja, pampu hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu. Ioni hizi huvuja kurudi zilikotoka wakati wote, kwa hiyo pampu haipumziki. ATP ikiisha, sodiamu hujikusanya ndani, maji huifuata kwa osmosisi, seli huvimba na hatimaye hupasuka. ATP pia hutumika kutunza utando ili seli ibaki na umbo la kisahani na iweze kujikunja.

4. Mfano uliofanyiwa kazi: sampuli iliyochelewa

Seli nyekundu huendelea na glikolisisi hata baada ya damu kutolewa mwilini. Katika chupa ya sampuli hakuna ini la kurudisha glukosi, hivyo glukosi hushuka na laktati hupanda. Katika joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Seli nyeupe nazo hutumia kiasi fulani, lakini seli nyekundu ndizo nyingi zaidi.

Swali. Mgonjwa aliyefunga kula tangu usiku alitolewa damu saa 2 asubuhi. Glukosi katika plazima yake ilikuwa milimoli 7.5 kwa lita. Damu iliwekwa katika chupa isiyo na kizuizi cha glikolisisi, ikapimwa saa 6 mchana bila seli kutenganishwa. Chukulia kwamba kila saa hupungua asilimia 6 ya kiwango cha mwanzo.
(a) Kipimo kitaonyesha glukosi kiasi gani? (alama 3)
(b) Laktati itakuwa imeongezeka kwa kiasi gani, ikiwa glukosi yote iliyopungua imegeuzwa laktati? (alama 2)
(c) Kuna hatari gani kwa mgonjwa? (alama 2)

Jibu.
(a) Upungufu kwa saa: 7.5 × 6/100 = 0.45.
Muda ni saa 4, hivyo upungufu wote: 0.45 × 4 = 1.8.
Kipimo: 7.5 − 1.8 = milimoli 5.7 kwa lita.
(b) Glukosi moja hutoa laktati mbili: 1.8 × 2 = milimoli 3.6 kwa lita.
(c) Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, mtu akiwa hajala, ni kiwango cha kisukari. Mgonjwa huyu alikuwa amekipita, lakini 5.7 inaonekana ya kawaida. Anaweza kurudishwa nyumbani bila tiba.

Maabara huzuia jambo hili kwa kutenganisha plazima na seli mapema, kuweka sampuli kwenye barafu, au kutumia chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi ya sodiamu. Floridi huzuia kimojawapo cha vimeng'enya vya glikolisisi. Haifanyi kazi yake yote papo hapo, hivyo hata chupa hiyo haipaswi kuachwa juani au kucheleweshwa bila sababu.

5. Maswali ya mazoezi

1. Taja faida mbili na hasara mbili za seli nyekundu kukosa kiini. (alama 4)
2. Eleza kwa nini glikolisisi ingesimama kama piruvati isingegeuzwa kuwa asidi ya laktiki. (alama 3)
3. Mwanafunzi ameongeza floridi katika sampuli ya damu na kuiacha kwa siku kadhaa. Ameona potasiamu ya plazima imepanda. Eleza. (alama 4)

Mwongozo wa majibu

1. Faida: nafasi zaidi ya hemoglobini, wepesi wa kupita kwenye kapilari. Hasara: haiwezi kugawanyika, haiwezi kutengeneza protini mpya, hivyo huishi muda mfupi.
2. NADH isingeshusha hidrojeni (1). NAD huru ingekwisha (1). Hatua inayohitaji NAD isingeendelea, na ATP isingetengenezwa (1).
3. Floridi huzuia glikolisisi (1). ATP hupungua, kwa kuwa seli haina njia nyingine ya kuipata (1). Pampu ya sodiamu na potasiamu husimama (1). Potasiamu iliyo nyingi ndani ya seli huvuja kwenda kwenye plazima bila kurudishwa (1).