Mchoro wa Bei ya Kahawa Kwenye Simu: Je, Ninunue Sasa?

Kijitabu cha elimu kwa wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa

Kijitabu hiki kimetokana na swali la mkulima mmoja wa Kyerwa kwa rafiki yake anayefuatilia bei za kahawa. Tumeliweka jibu lake kama barua, kwa sababu swali hilohilo linaulizwa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo kila bei inapochangamka. Bei zilizotumiwa kwenye hesabu ni za mfano, isipokuwa pale mwezi na mwaka vilipotajwa.

Swali

"Kaka, nimetumiwa mchoro wa bei ya robusta kwenye kundi la WhatsApp. Wanasema limetokea umbo la kikombe na mshikio, na likishavunja juu bei inapaa. Nina hela kidogo ya malipo ya pili. Ninunue sasa?"

1. Kwanza tujue mchoro ni wa bei ipi

Ndugu yangu, nimeutazama mchoro ulionitumia. Pembeni umeandikwa 4,800. Hizo si shilingi, na si bei ya mnada wa kwetu. Ni dola za Marekani kwa tani moja ya robusta kwenye soko la London, ambako watu hununuliana mikataba ya kahawa itakayokabidhiwa miezi ya mbele. Mkataba mmoja ni tani 10, na kahawa yenyewe ni safi, iliyokwisha kukobolewa.

Wewe unauza kahawa ya maganda. Basi tuishushe bei hiyo mpaka kibanjani kwako. Dola 4,800 kwa tani ni dola 4.8 kwa kilo. Tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, kilo moja ya kahawa safi ni shilingi 12,000. Kilo moja safi inahitaji takribani kilo mbili za maganda, kwa hiyo kilo ya maganda inabeba shilingi 6,000. Humo bado hazijatolewa gharama ya kukoboa, magunia, usafiri mpaka bandarini, ushuru, makato ya chama na faida ya mnunuzi. Kwa hiyo mchoro unakuonyesha dari tu. Bei utakayolipwa iko chini ya dari hiyo, na umbali wake hutegemea ubora wa kahawa, idadi ya wanunuzi waliojitokeza mnadani na thamani ya shilingi siku hiyo.

Ndiyo maana mchoro unaweza kupanda wiki nzima na mnada wa kwetu ukabaki palepale.

2. Umbo linasema nini

Kikombe na mshikio ni umbo lililopewa jina na Mmarekani William O'Neil katika kitabu chake cha mwaka 1988, na yeye alikuwa akizungumzia hisa za kampuni. Bei inashuka taratibu, inatulia chini, inapanda tena mpaka karibu na kilele cha zamani. Hicho ndicho kikombe. Kisha inashuka kidogo kwa muda mfupi. Huo ndio mshikio. Mawazo yaliyo nyuma yake yana mantiki: waliokuwa wamenasa kwenye kilele cha zamani wanauza wapate kutoka, na wakiisha, wauzaji wanapungua.

Lakini umbo halijui kama mvua imenyesha Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, wala kama Brazili imeanza kuvuna. Tena macho yetu huona umbo baada ya kuambiwa lipo. Aliyekutumia mchoro amechagua mmoja kati ya mingi, na ile iliyovunja juu kisha ikaanguka hakuna anayeisambaza.

Jaribu hivi nyumbani. Fungua mchoro wa robusta wa miaka mitano iliyopita. Chukua karatasi, ufunike upande wote wa kulia wa kioo cha simu, kisha uisogeze polepole ili ifunue siku moja moja. Kila utakapoliona umbo, andika kwenye daftari tarehe, bei ya kununua, bei utakayokubali kuwa umekosea, na bei unayoitarajia. Ndipo uendelee kufunua. Usifute hata moja. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kilichonishangaza ni mara nyingi nilizotaka kusogeza ukingo wa kikombe baada ya kuona kilichofuata. Daftari halikuniruhusu, na hapo nikajua kwamba maumbo mengi niliyokuwa nikiyaamini niliyachora baada ya bei kwenda.

3. Hesabu ya kukosea

Tuseme umbo ni zuri kweli. Unanunua kwenye 4,800. Chini ya mshikio ni 4,500. Bei ikifika hapo umbo limevunjika na unatakiwa kutoka. Wanaokushauri wanasema itafika 5,400. Ukikosea unapoteza dola 300 kwa tani, ukipatia unapata 600.

Sasa chukua mara 20 za daftari lako. Ukipatia mara 7, umepata 4,200. Ukikosea zile 13, umepoteza 3,900. Umebaki na 300, kabla ya gharama. Ukipatia mara 6 tu, umepata 3,600 na kupoteza 4,200. Tofauti ya faida na hasara hapo ni jaribio moja kati ya 20. Ndiyo maana neno "huwa inapaa" halitoshi. Mwulize aliyekutumia: mara ngapi kati ya ngapi, na anatoka wapi akikosea? Asiyekuwa na jibu la swali la pili hana mpango, ana matumaini.

4. Yaliyotokea 2025

Mwezi Februari 2025 robusta ya London ilipita dola 5,700 kwa tani. Ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili tangu katikati ya 2023, na ukame wa Vietnam ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Aliyetafuta mchoro wa kupanda wakati ule hakuukosa. Kufikia Julai 2025 bei ilikuwa chini ya dola 3,500. Mavuno ya Brazili yalikuwa yameingia sokoni. Karibu dola 4 katika kila 10 zilikuwa zimeondoka ndani ya miezi mitano.

Angalia miezi hiyo vizuri. Bei ilishuka wakati sisi tunaanza kuvuna. Msimu wetu huanza takribani Mei, na wa Brazili huanza karibu wakati huohuo. Mwezi Agosti bei ikapanda tena kwa nguvu. Aliyenunua kwa sababu mchoro umepanda, akauza kwa hofu kwa sababu umeshuka, alipigwa mara mbili katika mwaka huo mmoja.

5. Njia mbili unazoweza kuambiwa ununue

Njia ya kwanza ni magunia ya jirani. Hapa nakusihi usiingie. Kununua kahawa ya mkulima bila leseni ya Bodi ya Kahawa ni kosa, na butura, yaani kununua kahawa ikiwa ingali mtini, imepigwa marufuku. Butura humla jirani aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa. Na hata ukiacha sheria kando, hesabu ni mbaya. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16, likikauka mpaka asilimia 12, linabaki na kilo 95 na nusu hivi. Umepoteza kilo 4 na nusu kabla bei haijasogea. Usipolikausha, linaota ukungu na kushushwa daraja. Tena ile "bei ya kujitoa" haipo: London ikianguka usiku, gunia bado liko chumbani kwako likingoja mnada.

Njia ya pili ni programu za simu zinazokuruhusu kuweka hela kidogo na kubeti kwenye bei ya kahawa kwa kukopeshwa mara 10 au zaidi. Kwa mkopo wa mara 10, bei ikishuka asilimia 10, hela yako yote imekwisha, hata kama kesho yake itapanda. Kahawa kusogea asilimia 10 ndani ya majuma machache ni jambo la kawaida. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, ulizia kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama kampuni hiyo ina leseni. Ukiambiwa utume hela kwa namba ya mtu binafsi, au ulipe kwanza ndipo utoe faida yako, ujue hapo hakuna soko.

6. Wewe tayari umenunua

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine. Kwenye kibanja chako una mibuni kati ya migomba. Tuseme itakupa kilo 1,500 za maganda msimu ujao. Bei ya mnada ikipanda shilingi 1,000, umepata shilingi 1,500,000 bila kununua chochote. Ikishuka shilingi 1,000, umepoteza kiasi hichohicho. Huyo ni mtu aliyekwisha kuingia kwenye bei ya kahawa kwa mguu mzima.

Ukiongeza hela ya malipo ya pili humohumo, siku London ikianguka utapata hasara kwenye mavuno na kwenye akiba ndani ya wiki moja. Na wiki hiyo ndiyo utakayohitaji hela ya vibarua wa kuvuna. Mtu wa mjini asiye na mbuni hata mmoja anaweza kukosea na kuendelea na mshahara wake. Wewe mshahara wako ndio huo unaoshuka.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usinunue. Hela hiyo ipeleke mahali ambapo haishuki pamoja na kahawa. Lipa deni linaloweza kukusukuma kwenye butura mwezi wa Machi. Weka ya vibarua, ili uvune zilizoiva tu badala ya kukwanyua mbichi na nyekundu pamoja. Nunua turubai au tengeneza kichanja, kahawa ikauke vizuri bila kugusa udongo. Pogoa mibuni iliyozeeka.

Kisha uendelee kuutazama ule mchoro kwa amani. Ukiwa wa kweli, mibuni yako itakulipa kupitia chama chako. Ukiwa wa uongo, vibarua watalipwa, watoto watakwenda shule, na kahawa yako itasubiri mnada badala ya kwenda kwa mlanguzi.

Kabla ya kutoa hela kwa sababu ya mchoro, jibu haya

1. Namba hii ni ya soko gani, kwa fedha gani, kwa uzito gani, na ya kahawa safi au ya maganda?
2. Nimelihesabu umbo hili mara ngapi kwa karatasi na daftari, pamoja na zile lilizokosea?
3. Nikikosea, natoka kwenye bei gani, na naweza kweli kutoka siku hiyo?
4. Anayepokea hela yangu ana leseni ya nani?
5. Bei ya kahawa ikianguka kesho, ni vitu vingapi nilivyo navyo vitaanguka pamoja nayo?