Kuupima Mpango wa Mazoezi kwa Kalamu na Karatasi

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mna simu, na katika simu hizo baadhi yenu mna programu za mazoezi ya mwili. Unaijibu programu maswali machache, yaani umri wako, uzito wako, siku ngapi kwa juma na vyombo gani ulivyo navyo, na mara moja inakuandikia mpango wa majuma 4. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoupima mpango mmoja wa namna hiyo, maana njia yenyewe ni hesabu ya kujumlisha tu, na kila mwanafunzi anaiweza.

Mwenye mpango ni kijana aliyesoma hapa kwetu. Wazazi wake wako katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, na yeye amepanga chumba Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, kwenye njia iendayo Kabale, mahali malori yanapolala. Kazi yake ni kupakia mikungu ya matoke na magunia, na sehemu ya ujira wake huipeleka Nakivale kwa mama yake. Alinijia jioni moja akiwa ameshika bega la kulia.

"Mwalimu," akasema, "ninafanya kama simu inavyoniambia, sijakosa hata siku moja. Hili ni juma la tatu, na bega linaniuma nikiinua mkungu juu ya lori. Nikiacha mazoezi nitaona haya, na nikiendelea naogopa nitaikosa kazi."

Kwanza nilimpeleka zahanati, kwa sababu daftari haliwezi kutazama ndani ya bega. Mganga hakuona jeraha kubwa, akamwambia asiinue mikono juu ya kichwa kwa siku kadhaa. Ndipo tukaketi, yeye na simu, mimi na kalamu.

Mpango ulikuwa na siku 4, na kila siku ilipewa jina zuri. Jumatatu ilikuwa siku ya kifua na mikono: pushapu za kawaida seti 4 za marudio 15, pushapu za mikono mipana seti 4 za 12, pushapu za viganja vilivyokaribiana seti 3 za 12, na kujishusha kwa mikono ukingoni mwa benchi seti 3 za 12. Jumatano ilikuwa siku ya miguu: kuchuchumaa seti 4, kuchuchumaa na kuruka seti 4, hatua ndefu za kushusha goti seti 3, na kuinuka kwa vidole vya miguu seti 3. Ijumaa ilikuwa siku ya kifua na mabega: pushapu za kawaida seti 4 za 15, pushapu za kiuno juu seti 3 za 10, pushapu za mikono juu ya benchi seti 3 za 12, na kujishusha benchini tena seti 3 za 12. Jumamosi ilikuwa siku ya mwili mzima: pushapu seti 3 za 15, kuchuchumaa seti 3, na mazoezi ya tumbo na mgongo ya kulala chini.

Ukisoma majina ya siku, utadhani kila kiungo kimepata haki yake. Lakini majina hayo hayatufai kitu katika kupima. Kinachofaa ni kuuliza kila zoezi, "Je, hapa mikono inasukuma au inavuta? Je, miguu inakunja magoti au kiuno?" Basi nikachora safu 4 katika daftari, nikaandika seti za kila zoezi chini ya safu yake. Kusukuma kulipata seti 14 Jumatatu, 13 Ijumaa na 3 Jumamosi, jumla 30 kwa juma. Kukunja magoti kulipata seti 14. Kukunja kiuno hakukupata hata seti 1, na kuvuta vilevile sifuri. Kijana akaitazama ile sifuri kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Sifuri hiyo ina sababu yake, nayo si uzembe wa mashine. Programu ilipomwuliza ana vyombo gani, alijibu kwamba hana kitu. Sasa, kusukuma kunataka sakafu tu, lakini kuvuta kunataka kitu cha kuvuta au cha kuning'inia. Mashine ikatafuta katika orodha yake mazoezi ya mtu asiye na kitu, ikakuta pushapu za kila namna na mazoezi ya kuvuta hayamo, basi ikajaza siku kwa kile ilichokuwa nacho. Niliuona mkosi huu katika mipango mingine miwili ya watu waliojibu vivyo hivyo, na sasa ndio ninaoutafuta kwanza.

Kisha tulitazama wingi. Seti 30 ni nyingi au chache? Mwaka 2017 Schoenfeld na wenzake walikusanya majaribio ya watafiti mbalimbali, wakaona kwamba waliofanya seti 10 au zaidi kwa juma kwa msuli mmoja walikua misuli kuliko waliofanya chini ya 5. Walimu wengi wa mazoezi huchukua seti 10 hadi 20 kuwa kiasi cha kutosha. Ukizidi hapo uchovu huongezeka upesi kuliko faida. Lakini angalieni, seti inayohesabiwa ni seti ngumu, ile unayoimaliza ukiwa na nguvu ya kurudia mara 1 hadi 3 tu zaidi. Mtu awezaye pushapu 60 akifanya 15 hajafanya kitu kikubwa, na seti zake 30 zinaweza kuwa nyepesi kuliko 8 za mwenzake. Kwa hiyo nilimwuliza kijana wangu aliweza ngapi kwa mkupuo mmoja kabla ya kuanza. Akasema 22. Na Jumatatu iliyopita, mpango ulipodai seti 4 za 18? Akasema alifanya 18, halafu 13, halafu 9, halafu 7, akabonyeza kitufe cha kumaliza. Hizo zilikuwa seti ngumu kwelikweli, na nyuma yake bado zilikuwapo seti 10 nyingine za kusukuma siku iyo hiyo.

Ila kosa lililoniudhi zaidi lilikuwa katika maendeleo ya mpango, yaani jinsi unavyozidishwa juma kwa juma. Tulifungua juma la 4. Kila zoezi la kusukuma lilikuwa limeongezwa marudio 5 na seti 1. Kwa macho ni nyongeza ndogo. Tukajumlisha: juma la kwanza marudio ya kusukuma ni 180 Jumatatu, 162 Ijumaa na 45 Jumamosi, jumla 387. Juma la nne ni 321, 296 na 80, jumla 697. Nyongeza hiyo ni ya asilimia 80 kwa majuma matatu, kwa sababu seti na marudio vilipandishwa pamoja na kimoja kikazidishwa kwa kingine. Tena nyongeza ilifuata kalenda, haikumfuata mtu. Kitufe kilikuwa kimoja tu cha kumaliza, wala mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba ile 18 ya nne ilikuwa 7.

Jambo hili ni la zamani. Wakati wa vita kuu ya pili daktari wa jeshi la Amerika aitwaye Thomas DeLorme aliwatibu askari walioumia magoti kwa kuinua vyuma, akaandika habari zake mwaka 1945. Yeye hakuongeza uzito kwa kalenda. Alimpima mgonjwa kila juma ajue ni uzito gani anaoweza kuuinua mara 10 tu, kisha akapanga kazi kutokana na kipimo hicho. Mwanzo aliwapa marudio 70 hadi 100 kwa kikao kimoja. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Watkins, aliandika kwamba hayo yalikuwa mengi mno, na 20 hadi 30 yalitosha. Aliipima kanuni yake mwenyewe, akaipunguza.

Baada ya hesabu hizo palibaki jambo ambalo programu haikuuliza kabisa, nalo ni kazi yake. Mtu anayeinua mikungu kutoka chini tangu alfajiri amekwisha kunja kiuno mara nyingi, na mabega yake yamekwisha sukuma juu kabla hajagusa sakafu ya chumba chake. Kwa sababu hiyo sikuijaza ile sifuri ya kiuno, lori limeijaza. Lakini kuvuta kitu kuelekea mwilini ni kazi nyingine, na hiyo lori halimpi vya kutosha.

Basi tuliandika mpango mpya wa siku 2 kwa juma. Kila siku kusukuma seti 5, kuvuta seti 6, kuchuchumaa seti 3. Kwa juma ni 10, 12 na 6. Kujishusha benchini na pushapu za kiuno juu tuliziondoa, kwa kuwa ya kwanza huvuta bega la mbele vibaya na ya pili ni kusukuma juu ya kichwa. Na chombo cha kuvuta? "Mwalimu, sina kitu," akasema, naye ameketi juu ya jerikeni. Jerikeni la lita 20 ni chuma cha mazoezi kizuri kuliko vingi vinavyouzwa, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1, nawe unaongeza kidogo kidogo upendavyo. Unainama, mkono mmoja juu ya benchi, unalivuta kuelekea nyonga wala si kuelekea kwapa. Mpini wake huumiza vidole, basi uufunge kitambaa. Usijaze mchanga ukafuata hesabu ile ile ya lita, maana mchanga ni mzito kuliko maji.

Kanuni ya kuongeza ilikuwa moja. Anafanya kati ya marudio 8 na 12. Akifika 12 katika seti zote bila kujikunja, mara ijayo anaongeza lita 1, na kwa pushapu anaweka miguu juu ya benchi. Asipofika 8 hakuna kuongeza. Akishindwa siku mbili mfululizo anapunguza seti 1. Siku baada ya mzigo mkubwa anapunguza seti 1 kila zoezi, bila kujilaumu. Chuo cha madaktari wa michezo cha Amerika kilishauri mwaka 2009 nyongeza ya asilimia 2 hadi 10, na lita 1 juu ya jerikeni lenye lita 10 au 15 imo katika kiasi hicho.

Pushapu hakuzianza mpaka bega lilipotulia, siku 12 baadaye. Alipita hapa baada ya majuma 8. Alikuwa amevuta lita 10 mwanzoni, sasa anavuta 15. Pushapu kwa mkupuo zimekuwa 27, na hakukosa siku ya kazi tangu bega lipone. Daftari lake limeandikwa namba tu, tarehe kushoto, lita na marudio kulia, na mahali pamoja kuna neno "mvua". Ile programu hajaifuta. Kila Ijumaa bado humletea alama nyekundu kwamba amekosa siku ya kifua na mabega.